Waraka wa kurasa 40 kwa mkurugenzi mwenye dakika kumi: jinsi ya kupanga upya sehemu zake

Mwezi wa kumi, jakaranda za Lubumbashi zinapochanua na joto linapokaza kabla ya mvua za kwanza, niliwekewa mezani waraka wa kurasa 40. Waliouandika ni mafundi watatu wa kampuni ndogo inayofunga mitambo ya umeme wa jua kwenye vinu, hoteli na karakana. Walikuwa wameufanyia kazi miezi minne, na waliuita waraka mweupe, ule ambao waliosoma Kifaransa wanauita kitabu cheupe: andiko refu linaloeleza tatizo, linalopima njia za kulitatua, kisha linatetea njia moja. Sentensi zake zilikuwa safi na hesabu zake zilikuwa sahihi. Ila msomaji wao wa kwanza, mkurugenzi wa kinu cha unga wa mahindi, aliwarudishia akisema: “Papa, nimesoma mpaka ukurasa wa kumi na mbili, sijaona bado munataka nifanye nini.”

Nitautumia waraka huo hapa, baada ya kubadilisha tarakimu na maelezo kadhaa ili wenyewe wasitambulike. Nimeuchagua kwa sababu ubovu wake ulikuwa mmoja tu. Kila kitu alichokihitaji yule mkurugenzi kilikuwamo, lakini hakuna kilichokaa pale ambapo angekihitaji.

Ulivyokuwa umepangwa, na kwa nini

Ulianza na historia ya umeme wa Katanga, kurasa sita. Zikafuata kurasa tatu za kuitambulisha kampuni, kisha tisa za teknolojia: paneli, inveta, betri na aina zake. Baada ya hapo sheria na kodi, kurasa nne. Hali ya kukatika kwa umeme ilianza ukurasa wa 23, gharama ya jenereta ukurasa wa 27, na mfano wa kinu cha unga ukurasa wa 32. Ulinganisho wa gharama ulikuwa na kurasa tatu, na mapendekezo yalikuwa ukurasa wa mwisho, peke yao, aya mbili.

Niliwauliza kwa nini wameanza na historia. Mmoja akanijibu kwamba ndiko wao wenyewe walikoanzia: walisoma kwanza mabwawa yalijengwa lini, kisha wakasoma teknolojia, kisha sheria, na mwishowe wakaenda kinuni kupima. Jibu hilo lilinieleza kila kitu. Waraka ulifuata safari ya waandishi, hatua kwa hatua, kama walivyoipita. Mtu aliyetafuta jibu kwa miezi minne humsimulia msomaji utafutaji wake, naye msomaji anataka kuamua. Mambo hayo mawili yana njia tofauti. Anayetafuta huanza na mengi na kufikia moja. Anayeamua anataka kuliona hilo moja kwanza, halafu aonyeshwe limesimama juu ya nini, akilitilia shaka nguzo baada ya nguzo.

Mpangilio wa utafutaji hauonekani kuwa kosa kwa aliyeandika, kwa sababu kichwani mwake kila sehemu tayari imeungana na nyingine. Anaposoma ukurasa wa 10 kuhusu betri anajua kwamba kuna kinu ukurasa wa 32. Msomaji hajui. Kwake kurasa tisa za betri ni kurasa tisa za betri.

Andika kila sehemu inadai nini

Kazi ya kupanga upya niliianzia mbali na kompyuta. Nilichukua kadi za karatasi, kadi moja kwa kila sehemu na kila sehemu ndogo. Zilifika 26. Juu ya kila kadi niliandika sentensi moja kamili yenye mtendaji na kitendo, inayosema sehemu hiyo inamtaka msomaji akubali nini. Kichwa cha habari hakitoshi. “Gharama ya jenereta” si dai. Dai ni hili: “Kinu kinachotumia jenereta masaa sita kwa siku kinachoma lita 180 za mazutu kila siku.”

Zoezi hili ni dogo, lakini ndilo linalochuja kuliko mengine yote. Kadi tano kati ya zile 26 hazikupata sentensi. Nilisoma sehemu yake mara mbili, tatu, na kila mara niliishia kuandika “inaeleza aina za paneli” au “inataja kodi mbalimbali”. Sehemu inayoeleza tu bila kudai chochote haina kazi katika mwili wa hoja. Inaweza kuwa na kazi kwenye kiambatisho, ambako fundi wa mteja ataifuata akitaka. Tuliziondoa zote tano kwenye mwili, na hoja haikupungukiwa na kitu.

Kadi nyingine tatu zilipata sentensi mbili kila moja. Hiyo ni dalili ya kinyume: sehemu moja imebeba mambo mawili, na baadaye itakusumbua kwa sababu kila jambo litataka kukaa mahali pake. Weka alama, usizikate bado.

Nyuma ya kila kadi niliandika jambo la pili: msomaji awe ameshakubali nini kabla hajafika hapa? Ulinganisho wa gharama, kwa mfano, ulihitaji mtu awe anajua kinu kinachoma mazutu kiasi gani, mtambo wa jua unatoa umeme kiasi gani, na betri inadumu muda gani. Sehemu ya sheria ilihitaji kitu kimoja tu, kwamba mtu ameshavutiwa na wazo la kujizalishia umeme. Mtu ambaye hajavutiwa hana haja ya kujua kama linaruhusiwa.

Sasa ukizitandaza kadi mezani, kila kadi ikitanguliwa na zile inazozihitaji, karibu nusu ya mpangilio mpya unajitokeza wenyewe. Wakati huo umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, kwa hiyo mafundi walisimama kuzunguka meza na mwanga wa simu, kila mmoja akishika kadi na kutafuta jirani yake. Hiyo ndiyo faida nyingine ya karatasi: watu watatu wanaweza kubishana juu ya kadi moja, wakati kwenye skrini mmoja anasukuma maneno na wawili wanatazama.

Nusu iliyobaki inapangwa na maswali ya msomaji

Utegemezi peke yake hautoshi, kwa kuwa kadi nyingi hazitegemeani. Sheria inaweza kukaa kabla ya betri au baada yake bila kuvunja kitu. Hapa ndipo tunapomkumbuka mtu anayesoma. Swali tulilojiuliza baada ya kila kadi lilikuwa: mkurugenzi akimaliza hapa, mdomo wake utauliza nini? Kadi inayofuata ni ile inayojibu swali hilo, hata kama kadi nyingine ni nzuri zaidi.

Tulipitia hivyo. Umemwambia kwamba jenereta inachoma lita 180 kwa siku. Hizo zinatokana na mzigo wa kilowati 100 kwa masaa sita, ambao ni kilowati-saa 600, ukihesabu lita tatu kwa kila kilowati-saa kumi, wastani wa kawaida kwa jenereta yenye mzigo wa kutosha. Kwa siku 26 za kazi ni lita 4,680 kwa mwezi. Tuliiacha hesabu hiyo katika lita bila kuigeuza kuwa dola, kwa makusudi, maana yeye ndiye anayelipia mazutu kila wiki na bei anaijua kutuzidi.

Baada ya hapo anauliza nini? Mafundi walidhani atauliza, “Basi kuna njia gani nyingine?” Yule mkurugenzi, tulipomfuata tukamsomea kadi hizo kwa mdomo, aliuliza kingine: “Na kama moto utatulia mwakani?” Moto, kwa Kiswahili chetu cha huku, ni umeme. Kama mtandao utatengemaa, kwa nini anunue chochote? Shaka hiyo haikuwa na jibu popote katikati ya waraka. Jibu lilikuwa limelala kwenye kurasa sita za historia ambazo mimi nilikuwa nimeshazitupia kiambatishoni.

Nikazirudia. Kati ya kurasa hizo sita, aya moja ndiyo iliyobeba mzigo. Ilisema kwamba mabwawa ya karibu, kama Mwadingusha la mwaka 1930 na yale ya mto Lualaba yaliyojengwa miaka ya 1950, yalijengwa kwa mahitaji ya migodi ya enzi hizo. Kwamba sehemu kubwa ya umeme wa ziada inakuja kutoka Inga kwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 mpaka Kolwezi, uliokamilika mwaka 1982. Na kwamba kinachoingizwa kutoka Zambia nacho kinategemea mvua, kama ukame wa mwaka 2024 ulivyoonyesha pale Kariba ilipopungua maji. Kwa hiyo hitilafu ya mbali sana au msimu mbaya wa mvua upande wa pili wa mpaka vinaweza kuonekana kwenye taa ya Lubumbashi, na utegemezi huo haurekebishwi kwa mwaka mmoja. Hilo ni jibu la “kama utatulia mwakani”. Aya hiyo ilipata ukurasa mmoja, mara tu baada ya lita 4,680. Miaka mingine yote, majina ya makampuni ya kikoloni na picha ya kiwanda cha zamani vilibaki nyuma ya kitabu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu ushauri unaotolewa mara nyingi ni “futa historia”. Historia haina kosa. Kosa ni kuiweka kabla ya swali inalolijibu. Fakti ile ile inayochosha ukurasa wa 2 inasubiriwa kwa hamu ukurasa wa 5.

Tukaendelea. Ameshakubali kwamba mambo hayatatulia karibuni; sasa ndipo anapouliza kuna njia gani. Tukaweka tatu kwa ufupi: jenereta kubwa zaidi, jua bila betri, jua pamoja na betri. Akisikia jua, swali linalokuja haliepukiki: “Na usiku?” Kwenye mpangilio wa kwanza, kinu kilichokuwa kinasaga mpaka saa nne usiku kilipata jibu lake ukurasa wa 34, ilhali jua lenyewe limetajwa ukurasa wa 10. Kwa kurasa 24 msomaji anabeba shaka ambayo mwandishi amesahau kwamba ipo, na mtu mwenye shaka mfukoni hasikilizi vizuri kinachofuata.

Fundo la betri

Hapo ndipo tulipokwama, na nusu ya siku ilikwenda.

Ulinganisho wa gharama ulihitaji kujua betri inadumu miaka mingapi. Umri wa betri unategemea mambo kadhaa, hasa inashushwa kwa kina gani kila siku na inakaa kwenye joto gani. Kina hicho hukijui mpaka ujue kinu kinahitaji umeme kiasi gani jioni, moto unapokatika baada ya jua kuzama. Na hilo lilikuwa kwenye mfano wa kinu. Lakini mfano wa kinu, kama walivyouandika, ulifungwa kwa kusema mteja anaokoa kiasi gani, na hilo lilihitaji ulinganisho wa gharama uwe umetangulia. Kadi ya kwanza inaitaka ya pili, ya pili inaitaka ya tatu, ya tatu inaitaka ya kwanza. Tulizizungusha mezani kwa kila namna. Kila tulipoweka moja mbele, nyingine ililazimika kusema “kama tutakavyoona baadaye”.

Maneno hayo, “kama tutakavyoona baadaye”, ndiyo dalili ya kutafuta. Yakitokea mara moja katika waraka mzima hayana neno. Yakitokea mara tatu katika sehemu moja, kuna mzunguko. Na mzunguko hautatuliwi kwa kuhamisha. Ukikutana nao, rudi kwenye zile kadi zilizopata sentensi mbili, kwa maana karibu kila mara mmoja wao ndiye mkosaji. Sehemu inayotaka kukaa mahali pawili ni sehemu mbili zilizofungwa kichwa kimoja.

Kweli, kadi ya kinu ilikuwa na sentensi mbili. Ya kwanza: “Kinu hiki kilikatikiwa umeme masaa sita kwa siku, mawili kati yake baada ya jua kuzama.” Ya pili: “Kinu hiki kingeokoa zaidi ya nusu ya mazutu yake.” Ya kwanza ni kipimo, ya pili ni matokeo. Tulizikata. Kipimo kilikwenda mbele kabisa, kikaungana na zile lita 180. Matokeo yakaenda baada ya ulinganisho. Fundo likafunguka papo hapo, na kikatokea kitu ambacho hatukukikusudia: kinu kikawa uzi unaopita waraka wote. Badala ya mfano mmoja mwishoni, msomaji anakiona kinu kile kile kikipoteza mazutu, kikijiuliza kama umeme utatulia, kikishughulikia masaa yake mawili ya usiku, kikipata hesabu yake. Kila sehemu inamkuta msomaji akiwa bado yupo kinuni.

Zile kurasa tisa za teknolojia nazo zilikuwa na tatizo la aina hiyo. Nyingi zilikuwa za fundi. Lakini kurasa moja na nusu, kuhusu kwa nini betri inayoshushwa mpaka chini kila siku hufa mapema, zilihitajika na mtu wa fedha ili aelewe kwa nini betri kubwa kidogo inaweza kuwa nafuu. Hizo zikaingia mwilini, mara baada ya swali la usiku. Zilizobaki zikawa kiambatisho cha kwanza.

Jibu liwe wapi?

Mpaka hapa hoja inajengeka vizuri kutoka chini kwenda juu. Ila mkurugenzi mwenye dakika kumi hatafika juu. Kwa hiyo pendekezo lilihamia ukurasa wa kwanza, na sababu zake zikafuata kwa mpangilio ule ule wa maswali. Watu wengine wanaona hapo pana mgongano: ukisema jibu mwanzoni, hoja inajenga nini tena? Jibu la ukurasa wa kwanza ni dai ambalo bado halijathibitishwa. Linampa msomaji sababu ya kusoma kila sehemu akijua inaelekea wapi. Na kwa kuwa anaweza kusimama popote, kila anaposimama awe na hoja nzima mkononi, hata kama ni fupi: ukurasa mmoja una hoja nzima, kurasa tano zina hoja ile ile na ushahidi wa tatizo, kurasa 17 zina kila kitu isipokuwa maelezo ya fundi.

Kuhamisha pendekezo kulifichua ubovu mwingine. Likiwa ukurasa wa 40 lilisomeka sawa: “Tunapendekeza mteja awekeze katika mtambo mseto,” yaani jua, betri na jenereta kwa pamoja. Likiwa ukurasa wa kwanza lilionekana lilivyo, ombi kubwa lisilo na kipimo kwa mtu ambaye hajasoma chochote. Tulikaa na wenyewe tukauliza wanataka mkurugenzi afanye nini hasa siku akiweka waraka chini. Ikawa wazi kwamba hatua ya kwanza si kununua. Ni kuruhusu kifaa cha kupimia kifungwe kwenye ubao wake wa umeme kwa siku 30, kiandike mzigo na masaa ya kukatika, ndipo ukubwa wa mtambo ukokotolewe kwa kinu chake yeye. Hilo mtu anaweza kulikubali asubuhi moja. Waraka mzima ukawa unatetea uamuzi mdogo wa sasa na kuonyesha uamuzi mkubwa unaoweza kufuata.

Kuna hali moja ambapo sishauri jibu lisemwe waziwazi katika mstari wa kwanza: pale linapomhukumu msomaji. Mkurugenzi mmoja kati ya waliolengwa alikuwa amenunua jenereta mpya mwaka uliopita na kuitetea mbele ya wamiliki. Ukimfungulia kwa “jenereta ni hasara” amefunga masikio, na ana haki. Kwake tulianza na kitu ambacho yeye mwenyewe amekishuhudia, lita za mwezi, kisha pendekezo likaja chini ya ukurasa ule ule wa kwanza, likiwa limeandikwa hivi: jenereta ibaki, ifanye kazi masaa machache. Ndivyo mtambo mseto unavyofanya kazi kwa kweli, kwa hiyo hatukumficha kitu. Ukurasa ni ule ule; mpangilio wa sentensi ndio uliobadilika.

Sehemu ya “sisi ni nani”

Hapa tulibishana. Mkubwa wao hakukubali kurasa tatu za kampuni ziondoke mbele. “Mtu anapiga hodi, anasema yeye ni nani, ndipo anaeleza shida,” aliniambia. Ana haki kwa namna fulani, na sikupenda kumpa jibu la haraka. Mgeni asiyejitambulisha hapa hasikilizwi. Lakini anayepiga hodi husema jina na ametoka wapi, halafu anakaribishwa. Hasimulii maisha yake mlangoni. Tukakubaliana mistari mitatu kwenye jalada: jina la kampuni, mji, kazi inayofanya na tangu lini. Historia ya kazi zao zilizokamilika ilikwenda karibu na mwisho wa mwili, kabla ya hatua ya kuchukua, kwa sababu hapo ndipo msomaji anapouliza, “Sawa, nimekubali, lakini kwa nini ninyi?” Sheria ilikaa jirani yake, ukurasa mmoja badala ya minne, ikianza na lililo muhimu: sheria ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014 iliifungulia sekta binafsi uwanja wa umeme. Taratibu za vibali zikaenda nyuma.

Kuhamisha kunavunja nini

Watu wengi husimama baada ya kuhamisha, wakidhani kazi imekwisha. Sehemu zikishabadilishana mahali, waraka una majeraha yasiyoonekana, na ni lazima yatafutwe moja moja.

Anza na kompyuta yenyewe. Kama vichwa vya habari vimeandikwa kwa mtindo wa `Titre 1` na `Titre 2` katika Word, unaweza kufungua `Volet de navigation` na kuvuta kichwa, kikaja na maandishi yake yote. Kama vimekolezwa wino tu kwa mkono, programu haivijui, na utaanza kukata na kubandika hali hujui jedwali gani limebaki nyuma. Kwao vilikuwa vya mkono. Tulitumia saa nzima kuviwekea mtindo kabla ya kugusa chochote, na saa hiyo ilijilipa. Ukimaliza, bonyeza `Ctrl+A` kisha `F9` ili namba za majedwali na marejeo zisasishwe. Panapotokea `Erreur ! Source du renvoi introuvable.` ujue rejeo limepoteza kilichokuwa kikirejewa. Tafuta maneno hayo kwenye waraka mzima kabla ya kuchapa.

Majeraha ya lugha kompyuta haiyaoni. Tafuta “hapo juu”, “hapo chini”, “kama tulivyosema”, “tutaona”. Tulikuta 19, na 11 kati yake zilielekeza upande usiofaa. Tafuta vifupisho na istilahi: neno hufafanuliwa linapotokea mara ya kwanza, na baada ya kuhamisha mara ya kwanza imehama. Angalia aya ya kwanza ya kila sehemu, kwa kuwa iliandikwa kufuatia jirani wa zamani. Sehemu ya betri ilianza na “Baada ya kuona inveta, sasa tugeukie betri”, wakati inveta ilikuwa imeshahamia kiambatishoni. Sentensi ya namna hiyo haitengenezwi kwa kubadilisha jina. Futa, uandike upya kutoka kwenye swali ambalo sehemu iliyotangulia imeliacha wazi: “Masaa mawili kati ya sita yanaangukia usiku, na hapo paneli hazisaidii.”

Na angalia mwisho wa kila sehemu. Mwandishi aliyedhani sehemu yake ni ya mwisho huifunga kwa hitimisho la jumla. Ikihamia katikati, hitimisho hilo linamwambia msomaji kwamba safari imekwisha, naye anaweka waraka chini.

Tulivyoujaribu

Jaribio la kwanza ni kusoma vichwa vya habari peke yake, kwa sauti, kutoka juu mpaka chini. Kwa kuwa sasa vilikuwa madai, vilisikika kama mtu anayezungumza: kinu kinachoma lita 4,680 kwa mwezi, hali hii haitabadilika mwakani, jua linaweza kubeba masaa ya mchana, betri ya ukubwa unaofaa inabeba usiku. Mahali vichwa vinaporuka, mtu anakunja uso, na ndipo kadi inakosekana. Kwetu ilikosekana moja: hatukuwa tumesema popote nini kinatokea siku za mawingu, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu, ambazo ndizo pia siku ambazo mtu wa Lubumbashi angeziuliza kwanza. Iliandikwa upya, nusu ukurasa: siku hizo jenereta inashika zamu kubwa zaidi, na hesabu ya mwaka imeshazihesabu.

Jaribio la pili linahitaji mtu wa nje. Tulimpa mhasibu wa karakana moja kurasa mbili za mwanzo kwa dakika tatu, tukazichukua, tukamuuliza wanaomba nini, kwa nini sasa, na ni nini kinaweza kwenda vibaya. Maswali mawili ya kwanza alijibu bila kusita. La tatu alinyamaza. Hatari zilikuwa ukurasa wa 14. Hatukuzihamisha zote, tuliongeza sentensi moja ukurasa wa kwanza, kwamba hesabu inategemea betri kukaa mahali penye hewa na kivuli, na kwamba chumba chenye joto kitafupisha umri wake.

Nakala ya mwisho ilikuwa na kurasa 17 za mwili na 20 za viambatisho. Ilirudi kwa mkurugenzi yule yule wa kinu. Alipiga simu siku ya tatu akiwa na swali moja, kama kifaa cha kupimia kinaweza kufungwa bila kusimamisha kinu. Mkubwa wa mafundi akamjibu kwamba kinahitaji kuzimwa kwa dakika chache, halafu akanipigia mimi: jibu hilo liingie ukurasa wa kwanza, chini ya pendekezo, kabla hatujachapa nakala za wengine.